Malipo ya mkataba wa riba na thamani yake: viingizwe wapi?

"Tuna mkopo wa riba inayopanda na kushuka, pamoja na mkataba wa kubadilishana riba. Je, malipo ya nusu mwaka na mabadiliko ya thamani yote yaende kwenye faida na hasara?"

Ndugu, hapana, ikiwa mkataba huo uliwekwa rasmi kwa maandishi, tangu mwanzo, kuwa kinga dhidi ya kupanda na kushuka kwa riba ya mkopo. Chukua mkopo wa milioni 10, mkataba wa kulipa asilimia 8 kwa mwaka na kupokea riba ya soko, ambayo nusu mwaka huu ni asilimia 9 kwa mwaka. Debiti gharama ya riba 450,000, krediti benki. Kisha debiti benki 50,000 ulizopokea kwenye mkataba, krediti gharama hiyo hiyo, ili ibaki 400,000, yaani asilimia 8 kamili kwa mwaka.

Baada ya malipo hayo, tuseme thamani ya mkataba imepanda kutoka sifuri hadi 180,000: debiti mali ya mkataba, krediti akiba ya kinga ndani ya mtaji. Sehemu isiyofanya kazi kama kinga, ikiwapo, ndiyo huenda kwenye faida na hasara. Wengi huteleza kwa kutumia thamani ya mkataba ambayo benki iliipima kabla ya malipo, na hivyo zile 50,000 huhesabiwa mara mbili.