Kabla hujawavalisha watu kofia ya elektrodi, kagua kiambishi chako

Wadogo zangu mnaoanza utafiti wa lugha na ubongo, kila mwaka napitia orodha zenu za sentensi na kila mwaka kosa ni lilelile. Mnachukua jaribio la Kiingereza, mnalitafsiri, kisha mnadai mmetenganisha sintaksia na semantiki. Upatanisho wa ngeli umeshawaharibia kabla mgonjwa hajaketi.

1. Anzeni na afasia, yaani kupotewa na uwezo wa lugha baada ya ubongo kuumia. Mwaka 1976 Caramazza na Zurif walionyesha kwamba wagonjwa wa afasia ya Broca, wanaozungumza kwa shida na kwa vipande, huelewa sentensi kama "tufaha ambalo mvulana analila ni jekundu", lakini hukwama kwenye "mvulana ambaye msichana anamkimbiza ni mrefu". Ya kwanza maana inaikomboa, kwa sababu tufaha halili mtu. Ya pili inategemea muundo peke yake.

Sasa tazama tafsiri hiyo kwa makini. Katika "analila", a- ni ya mvulana na -li- ni ya tufaha, kwa hiyo mgonjwa ana msaada wa pili ambao Kiingereza hakikumpa. Katika "anamkimbiza", a- na -m- zinawafaa wote wawili, na kilichobaki ni mpangilio wa maneno. Akipata ya kwanza na kukosa ya pili, hujui kama kilichomsaidia ni maana au kiambishi. Ongeza kundi la tatu: "mtumbwi ambao jahazi linauvuta ni mweupe". Chochote kati ya hivyo kinaweza kuvuta kingine, kwa hiyo maana haisaidii, ila li- na -u- zinasema yote. Anayelipata kundi hili na kukosa la mvulana bado anautumia upatanisho, na huna haki ya kuandika kwamba sarufi yake imekufa.

Mpe picha mbili achague, ya pili ikiwa na majukumu yaliyogeuzwa. Kwa sentensi 20 za kundi moja, usiseme ameelewa mpaka apate angalau 15. 14 bado zinaweza kuwa bahati. Tena, kushindwa kuelewa si kushindwa kuona kosa: mwaka 1983 Linebarger, Schwartz na Saffran waliwakuta wagonjwa wa namna hii wakitambua vizuri sentensi zisizo za kisarufi.

2. Mawimbi ya ubongo. Mnajua N400 ya Kutas na Hillyard (1980), wimbi hasi la kama milisekunde 400 baada ya neno lisilooana na maana, kama soksi katika sentensi ya mkate uliopakwa soksi, na P600, wimbi chanya la kama milisekunde 600 linalofuata makosa ya kisarufi. Basi mnaandika "kiti ameanguka" na kuliita kosa la upatanisho. Hapana! Kiambishi a- ni cha watu na wanyama, kwa hiyo umevunja ngeli na wakati huohuo umekipa kiti uhai. Wimbi lolote litakalotokea, hutaweza kusema limetoka wapi. Andika "kiti limeanguka": li- haina habari ya uhai.

Halafu usilinganishe "kimeanguka" na "limeanguka" hivihivi, maana ni maneno mawili tofauti. Leta gunia: kiti kimeanguka, gunia limeanguka, kiti limeanguka, gunia kimeanguka. Kila nomino na kila kitenzi sasa kimo katika sentensi sahihi na katika yenye kosa, mara sawasawa, na tofauti inayobaki ni upatanisho tu. Mtu mmoja asisome matoleo yote ya seti ileile. Yagawe katika orodha.

Upande wa maana mtego ni uleule. "Kiti kimesinzia" inaonekana kosa safi la semantiki, lakini Kuperberg na wenzake (2003) walitumia mayai yanayokula mkate na wakapata P600, si N400 waliyoitarajia. Kim na Osterhout wakakuta jambo la jinsi hiyo mwaka 2005 kwa mlo "unaokula". Kitu kisicho hai kikipewa kazi ya mtendaji, P600 inaweza kuibuka ingawa sarufi haina kasoro. Tumia "kiti kimechemka karibu na mlango": kitenzi hakidai mtendaji mwenye uhai, na neno unalolipima haliko mwishoni, ambako msomaji anafunga sentensi nzima.

3. Kichujio kinachoondoa mawimbi ya polepole kikate chini ya 0.1 Hz; ukikipandisha hadi 1 Hz, P600 kubwa itakuchorea wimbi hasi la bandia kabla yake, nawe utaliita N400.

4. Sentensi 30 hadi 40 kwa kila hali, na msingi wa kulinganishia wimbi uwe milisekunde 200 kabla ya neno.

5. Ukipata N400 kwa "kimechemka" na P600 kwa "limeanguka", andika kwamba ubongo umeitikia makosa hayo mawili kwa namna tofauti. Usiandike kwamba sintaksia iko eneo la Broca, sehemu ya mbele ya ubongo upande wa kushoto: elektrodi za kichwani hazikuonyeshi chanzo cha wimbi, na kidonda cha kiharusi mara nyingi kinavuka mipaka ya eneo hilo.