Barua ya wakili imefika: uipeleke vipi kwa bima bila kukiri kosa

Nimeletewa barua na wakili wa dereva tuliyegongana naye Makupa. Anataka shilingi 186,000 za gari na fidia ya shingo, siku 14. Nimjibu vipi?

Usimjibu. Mikataba ya bima ya magari hapa Kenya huwa na sharti kwamba kila barua ya madai upeleke kwa kampuni bila kuijibu, na kwamba usikubali kosa, usiahidi wala kulipa chochote bila idhini yao ya maandishi. Ukilivunja, kampuni inaweza kukataa kubeba mzigo huo, ukabaki nao mwenyewe. Wakili akikuuliza una bima wapi, mwambie jina la kampuni na nambari ya bima, maana sheria ya Kenya ya bima ya magari, Sura ya 405, inakutaka umjibu hilo. Habari za ajali yenyewe usimsimulie.

Sasa barua ya bima niiandike vipi? Kila nikianza naona kama najitia hatiani.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye dawati la madai Mombasa, na barua zilizotuumiza zaidi zilikuwa zile zilizoandikwa kwa moyo safi: "Naleta barua ya yule mama niliyemgonga kwa nyuma kwa sababu nilichelewa kushika breki." Ndani ya sentensi moja mtu ameshajihukumu, na hakuna aliyemwuliza. Barua hii ina kazi moja tu, kufikisha karatasi. Iandike hivi:

"Kwa Meneja, Idara ya Madai. Kuhusu bima nambari (iandike), gari nambari (iandike), ajali ya 3 Machi, Makupa. Tarehe 18 Machi nilipokea barua hii ninayoiambatisha, iliyoandikwa 14 Machi na wakili wa dereva wa gari la pili. Anadai shilingi 186,000 za matengenezo na fidia ya maumivu ya shingo, na ametoa siku 14. Naileta kama nilivyoipokea, pamoja na bahasha yake. Sijaijibu, sijakubali kosa wala dhima, na sijaahidi wala kulipa chochote. Ajali niliwaarifu tarehe 4 Machi. Tafadhali lishughulikieni dai hili, na mnithibitishie kwa maandishi kwamba mmeipokea. Kuwatumia barua hii si kukiri kosa."

Tazama neno "anadai". Hujasema gari lake limeharibika kwa kiasi hicho, wala kwamba shingo inamuuma. Umesema yeye ndiye asemaye hivyo. Tazama pia tarehe mbili, ya kuandikwa na ya kupokelewa. Siku 14 zihesabu kutoka ile ya kwanza, ziishe 28 Machi, ili kampuni isipitwe. Bahasha usiitupe, muhuri wa posta ndio unaoonyesha barua ilifika lini.

Pale barabarani nilimwambia "samahani mama, sikukuona". Nilifiche?

Hapana, tafadhali. Kutokiri kosa hakumaanishi kudanganya kampuni yako. Maneno hayo yaandike kama yalivyotamkwa katika fomu ya madai, mahali pa kueleza ajali, pamoja na nani alisikia, mvua ilikuwepo au la, ulikuwa mkono gani wa barabara, na mwendo wako. Andika ulichokiona na ulichokisikia, ila usimalizie kwa "kwa hiyo kosa ni langu". Nani alikosea, na kwa kiasi gani, ni la mahakama kupima. Mara nyingi lawama hugawanywa kati ya madereva wawili. Wakili wa kampuni akijua mapema ulisema samahani, atajipanga. Akilisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa shahidi wa upande wa pili, utakuwa umemvua nguo mbele ya hakimu.

Nimeipiga picha barua na kumtumia ajenti wa bima kwa WhatsApp. Inatosha?

Haitoshi. Ajenti anaweza kuisahau kwenye simu. Peleka nakala ofisini, wagonge muhuri wa kupokea na tarehe juu ya nakala yako, kisha uitume pia kwa barua pepe ya idara ya madai.

Na nikiletewa samansi baadaye?

Ipeleke siku hiyo hiyo, na barua fupi ya aina ileile. Barua ya wakili inaweza kuvumilia siku mbili tatu, samansi haivumilii. Usipojitokeza mahakamani katika muda ulioandikwa humo, mwenye kudai anaweza kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Tena kwa madai ya majeraha, Sura ya 405 haiibani kampuni kulipa hukumu kama haikuarifiwa kesi ndani ya siku 30 tangu ilipofunguliwa. Zinahesabiwa tangu siku ya kufunguliwa, si siku uliyoipokea, kwa hiyo karatasi ikifika mkononi mwako huenda wiki tatu zimeshapita. Kwa kawaida wakili wa upande wa pili huiarifu kampuni mwenyewe, lakini wewe usimtegemee yeye.