Sikio la mtoto likisukumwa mbele, usingoje kesho

Binti yangu alikuwa na mwaka mmoja na nusu alipoanza kulia usiku akijivuta sikio la kushoto. Homa ilikuwa kali. Zahanati walimwangalia, wakasema sikio la kati limeshika maambukizi, wakanipa antibayotiki ya maji na parasetamoli. Siku ya tatu homa ilishuka, akaanza kula tena, nami nikapumua. Dawa niliendelea kumpa bila kuruka dozi hata moja.

Siku ya sita nilikuwa namwogesha, amenipa mgongo. Nikaona sikio la kushoto limetokeza kuliko la kulia. Nilidhani ni povu. Nikamsuuza, nikatazama tena: sikio limesukumwa mbele na chini, na ule mkunjo unaotenganisha sikio na kichwa haupo, umejaa. Nilipogusa kidogo mfupa wa nyuma ya sikio, alipiga ukelele ambao sijausahau. Usoni hungejua kitu. Nilikuwa nimemtazama asubuhi nzima kwa mbele bila kuona lolote.

Ule mfupa mgumu unaoupapasa nyuma ya sikio lako ndio mastoidi. Ndani yake si mfupa mtupu. Una vijumba vidogo vya hewa kama sega la nyuki, na vijumba hivyo vimeunganishwa na sikio la kati kwa njia nyembamba. Usaha wa sikio la kati usipopata pa kutokea hupenya humo, ukaanza kula kuta za vijumba, kisha hutoboa nje na kukusanyika chini ya ngozi. Huo ndio uvimbe nilioushika. Ugonjwa wenyewe huitwa mastoiditisi, na huwapata zaidi watoto wadogo, hasa walio chini ya miaka miwili.

Hatari yake ni kwamba usaha hauchagui upande. Juu ya mfupa huo kuna ubongo, pembeni unapita mshipa mkubwa unaorudisha damu kutoka kichwani, na ndani yake umepita mshipa wa fahamu unaoendesha misuli ya uso. Ndiyo maana mtoto mwenye tatizo hili anaweza kupata homa ya uti wa mgongo, jipu kwenye ubongo, damu kuganda ndani ya mshipa ule, au mdomo kwenda upande mmoja na jicho kushindwa kufumba.

Kwa hiyo mtoto anayeumwa sikio mtazame kwa nyuma, kila siku, mpaka apone kabisa, hata kama yuko kwenye dawa na homa imeshuka. Antibayotiki inaweza kutuliza homa na maumivu huku mfupa ukiendelea kuharibika. Simama nyuma yake kwenye mwanga mzuri, linganisha masikio yote mawili, kisha bonyeza mfupa taratibu, ukianza na upande usiouma. Usitegemee wekundu, maana kwenye ngozi nyeusi hauonekani vizuri. Umbo, joto na maumivu ndivyo vitakavyokuambia. Homa iliyokwisha ikarudi nayo isikupite.

Kuna tezi ambazo huvimba nyuma ya sikio mtoto akiwa na vidonda kichwani. Hizo kwa kawaida ni kama punje, hutelezateleza chini ya kidole, na sikio hubaki mahali pake. Lakini usikae nyumbani ukijaribu kuamua. Sikio likiwa limesukumwa au mfupa unauma, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Usikande kwa maji ya moto, usikamue, wala usitie mafuta sikioni.

Sisi tulifika usiku. Daktari alibonyeza mara moja tu, akaniambia, "Mama, huyu harudi nyumbani leo." Aliwekewa dripu na kuanzishiwa seftriaksoni, antibayotiki ya mshipani, akapigwa picha ya siti skani, na kesho yake akafanyiwa upasuaji: walitoboa ngoma ya sikio usaha utoke, wakafungua jipu la nyuma na kusafisha mfupa uliooza. Si kila mtoto hufika huko. Wengine hupona kwa dawa za mshipa na kutobolewa ngoma tu, na daktari huamua kwa jinsi uvimbe unavyoitikia siku mbili za mwanzo.

Ukiruhusiwa kuondoka, omba tarehe ya kupima usikivu. Mimi sikuambiwa, niliuliza mwenyewe. Wiki sita baadaye sikio la kushoto lilikuwa bado linasikia hafifu kwa sababu ya majimaji yaliyobaki ndani, tukaendelea kufuatilia mpaka yakakauka.