Mhojaji akikupa kidokezo, toa mikono kwenye kibodi

> "Wakuu, Alhamisi ijayo nina raundi ya mahojiano ya kuandika kodi ya programu pamoja na mhojaji kwenye CoderPad, dakika 60. Jamaa yangu kaniambia niongee kidogo nikaze kuandika, na mhojaji akinipa kidokezo nisikishike sana maana kinakata maksi. Ni kweli?"

Huyo jamaa yako anakupoteza. Nasema kwa uchungu kwa sababu ushauri huohuo niliununua kwa shilingi 40,000 kutoka kwa mtu aliyekuwa anaendesha kundi la Telegram la kuandaa watu kwa mahojiano, na ulinikosesha kazi ambayo swali lake nililijua.

Swali lenyewe lilikuwa hivi. Unapewa listi ya nafasi zilizokodiwa kwenye ukumbi, kila moja ina saa ya kuanza na saa ya kumaliza, saa za mtindo wa 24. Unganisha zinazoingiliana ili ijulikane ukumbi una watu kuanzia lini hadi lini. Nilikuwa nimelifanyia mazoezi mara nyingi, kwa hiyo sikuuliza kitu. Niliinama nikaandika, na ndani ya dakika kama kumi nilikuwa na hiki:

```python
def unganisha(nafasi):
    nafasi.sort()
    matokeo = [nafasi[0]]
    for s, e in nafasi[1:]:
        if s <= matokeo[-1][1]:
            matokeo[-1][1] = e
        else:
            matokeo.append([s, e])
    return matokeo
```

Nikajaribu na `[8,10], [9,12], [14,16]`, ikatoa `[8,12], [14,16]`. Sahihi kabisa. Nikawa najiona nimeshafika.

Mhojaji alikuwa dada mmoja mpole. Akaniuliza, "Na mteja mmoja akikodi katikati ya muda wa mwingine?" Nikamjibu bila hata kuinua macho, "Itaungana tu, si zinaingiliana," nikaendelea kupanga majina ya vigeugeu yapendeze. Akanyamaza kidogo. Akasema, "Hebu jaribu 8 hadi 16, halafu 9 hadi 10." Nikasema sawa, nitakuja huko. Sikuja. Kichwani nilikuwa nasikia sauti ya yule wa Telegram: kidokezo ni mtego, ukikishika umeandikiwa umeshindwa, songa mbele uonyeshe unajiamini.

Sasa kilichonimaliza. Kwenye editori ya mahojiano wote wawili mnaandika ukurasa mmoja na kila mmoja anauona mshale wa mwenzake. Nikaona mshale wake unashuka chini ya fankisheni yangu, akaandika mstari mmoja:

```python
# [8,16], [9,10], [11,12]
```

Nikaufuta. Niliona unachafua kodi yangu, nikashika kitufe cha kufuta hadi ukaisha, nikaendelea na shughuli zangu. Hakuandika tena. Alinishukuru kwa upole, tukaagana, na siku tano baadaye nikapata barua pepe ya kukataliwa. Niliomba maoni, na bahati nzuri wakanipa. Yalikuwa sentensi mbili, na moja ilisema wazi kwamba nilipewa mfano unaoonyesha kosa mara tatu na mara ya mwisho niliufuta.

Chukua ule mfano uupitishe kwa mkono uone alichokuwa ananionyesha:

```python
# [8,16]           -> [[8,16]]
# [9,10]   9<=16   -> [[8,10]]   ???
# [11,12]  11>10   -> [[8,10],[11,12]]
```

Nafasi ndogo iliyo ndani imefupisha kubwa. Mfumo wangu ungemwambia mteja ukumbi uko wazi kuanzia saa 12 wakati kuna harusi ya watu hadi saa 16. Dawa yake ni mstari mmoja:

```python
matokeo[-1][1] = max(matokeo[-1][1], e)
```

Testi yangu haikuweza kuliona kosa hilo kwa sababu niliichagua mwenyewe na ndani yake kila nafasi ilimalizika baada ya iliyotangulia. Yeye aliliona tangu mstari wa sita. Dakika zaidi ya ishirini zilikuwa zimebaki, na kazi yote iliyotakiwa ilikuwa kuandika `max`.

Kwa hiyo kanuni ninayokupa ni moja, na ningekuwa na uwezo ningekuandikia kwenye kioo cha laptopu: mhojaji akiongea kuhusu kodi yako, toa mikono kwenye kibodi. Kihalisi, iweke mapajani. Ukiwa unachapa husikii, unadhani tu unasikia.

Mikono ikishatoka, kwanza rudia alichosema kwa maneno yako: "Unauliza nafasi moja ikiwa ndani ya nyingine kabisa, saa ya kumaliza itakuwa ipi?" Hapo mara nyingi jibu linakuja lenyewe, na kama umemwelewa vibaya atakurekebisha kabla hujapoteza dakika tano. Halafu tengeneza mfano mdogo kuliko wote unaobeba alichosema, uandike kama maoni kwenye editori, uupitishe hatua kwa hatua kwa sauti kama nilivyofanya hapo juu. Ukishaona panapovunjika ndipo urudi kwenye kodi. Watu wengi wanakimbilia kubadilisha `<` kuwa `<=` wakiomba Mungu ipite, na mhojaji anaona kabisa kwamba unabahatisha. Hata asipoona palepale, CoderPad inamruhusu kuirudia na kuitazama jinsi ulivyoandika mwanzo hadi mwisho.

Shida ni kwamba kidokezo hakiji kikiwa na jina. Mara nyingi kinakuja kama swali la kawaida: "Una uhakika na mstari wa 6?" "Listi ikiwa tupu?" Hilo la pili lingenikamata pia, maana `nafasi[0]` kwenye listi tupu inatoa `IndexError`. Kinaweza kuja kama mfano wa data, kama alivyonipa. Au kimya kirefu baada ya wewe kusema "nimemaliza", kisha "sawa... tuipitie pamoja?" Ukisikia hiyo, chukulia kuna kosa hadi utakapothibitisha hakuna. Mtu hakuulizi kuhusu mstari wa 6 kwa sababu ameupenda.

Kama hujakielewa kidokezo, sema umekwama wapi hasa. "Sijaelewa" peke yake haimsaidii. Sema, "Naelewa kwamba zinaingiliana na zitaungana, ila sioni saa ya kumaliza inaharibika vipi." Hapo amejua akupe nini. Na kama unaamini yeye ndiye amekosea, inatokea, usibishane kwa maneno. Endesha ule mfano wake mbele yake, matokeo yaongee. Nimeshawahi kuwa sahihi namna hiyo, na mhojaji akasema ah kweli, tukaendelea vizuri.

Sasa hilo la kukata maksi. Siku hizi mimi mwenyewe nakaa upande wa kuhoji kazini kwangu, naijua fomu tunayojaza. Ndiyo, aliyeona kosa mwenyewe anazidi kidogo kwenye kutatua tatizo. Lakini kuna sehemu nyingine kabisa ya jinsi mtu anavyofanya kazi na mwenzake, na anayepewa kidokezo kimoja, akakigeuza kuwa mfano, akarekebisha, anatoka vizuri kwenye zote mbili. Anayekipuuza anabaki na kosa kwenye kodi na pia anaandikwa hashauriki. Namjua niliyemwandikia hivyo mwaka huu, kodi yake ilikuwa safi kuliko ya aliyepata kazi. Yule mtu wa Telegram hajawahi kukaa kwenye kiti hicho hata siku moja, nilikuja kugundua baadaye. Alikuwa anauza woga, na bado anauza.

Kuhusu kuongea kidogo: hapana. Ila kuongea hakumaanishi kusoma unachochapa, "naandika for, sasa naandika if". Hayo anayaona. Asichokiona ni kwa nini. Sema maamuzi: "Napanga kwa saa ya kuanza ili kila nafasi niilinganishe na ya mwisho tu." Ningesema sentensi hiyo moja pale mwanzo, angeniuliza palepale kuhusu saa ya kumaliza. Na uliza kabla ya kuanza. Inayomalizika saa 10 na inayoanza saa 10, zinaungana au ni wateja wawili? Kodi yangu yenye `<=` iliamua zinaungana, na hakuna mtu aliyeniambia hivyo. Ukihitaji kimya, kiombe: "Nipe dakika mbili nifikirie, nitakwambia nimefika wapi." Kimya kilichoombwa hakimsumbui mtu.

Tena wengi wetu kimya chetu kinatokana na Kiingereza. Mahojiano yangu yalikuwa ya Kiingereza, na nilikuwa nafikiri kwa Kiswahili huku nikitafuta maneno, ndiyo maana jibu langu kwa swali lake la kwanza lilikuwa fupi na la kumfukuza. Hili halitibiwi kwa kusoma algorithimu. Linatibiwa kwa mdomo. Chukua maswali uliyoyatatua zamani uyatatue tena ukiongea kwa lugha utakayohojiwa, jirekodi kwa simu, sikiliza ni wapi sauti inakatika kwa zaidi ya nusu dakika. Mimi ilikatika kila nilipoingia kwenye lupu.

Kuanzia leo hadi Jumatano tafuta mtu anayejua kodi kiasi, si lazima awe bingwa. Fungueni pedi moja ya CoderPad mzoee kuandika nje ya editori yako ya nyumbani, mpigiane simu, dakika 45. Swali akupe yeye, na umwambie akuingilie mara tatu wakati wowote: mara moja kwa swali, mara moja kwa mfano wa data, mara moja aandike chini ya kodi yako bila kukwambia. Kazi yake ni kuhesabu sekunde kuanzia alipoongea hadi ulipoacha kuchapa. Mara ya kwanza nilipofanya hivi na rafiki yangu, alihesabu 14. Sekunde kumi na nne, na tayari nilikuwa nimeshaumia kwa jambo hilohilo. Baada ya vipindi vinne ilikuwa 2.

Ukikosa mtu, niandikie hapa hapa kwenye uzi. Jumapili jioni nina nafasi kuanzia saa mbili usiku, nitakufungulia pedi na nitakuandikia mstari chini ya kodi yako nione kama utaufuta.