Kungumanga kijiko kizima kwenye chai

"Mdogo wangu alitia kijiko kizima cha kungumanga kwenye chai, usiku akaanza kuona vitu. Si ni kiungo tu?"

Pole sana, ndugu. Mafuta ya kungumanga yana miristisini, ambayo ikizidi huvuruga ubongo na moyo. Tunayokuna kwenye sufuria ya pilau hapa Kampala ni chembe tu. Kuanzia gramu 5 hivi, karibu kokwa moja, mtu anaweza kuugua. Ubaya wake inachelewa: saa 3 hadi 6 kimya, mtu anadhani haikufanya kitu, anaongeza. Ndipo mdomo unakauka, anatapika, anaona visivyopo, na hofu inamkaba hadi kesho yake. Usimtapishe. Moyo ukienda mbio au akichanganyikiwa, mkimbize hospitali na kopo lenyewe mkononi.