Aina nne za wastani: acheni kukariri, chukueni bikari

Juzi usiku dogo mmoja wa fomu faivu kaniandikia inboksi: "Shikamoo ticha, zile wastani nne nazichanganya kila nikiingia kwenye mtihani, naomba mbinu ya kukariri ipi kubwa ipi ndogo." Nikamjibu marahaba mdogo wangu, mbinu ya kukariri sikupi, ila tafuta karatasi, rula na bikari halafu nipigie. Tukaongea kama nusu saa hivi, asubuhi kanitumia picha ya mchoro wake umenyooka kabisa na chini kaandika mpangilio wote bila kukosea. Nimefurahi mno, na ndo maana naandika hapa, maana najua nyie mnaosoma mchepuo wa PCM na EGM mnalia na kitu hikihiki.

Mimi na hizi wastani tuna historia. Nikiwa fomu faivu mwalimu aliandika ubaoni mstari mmoja tu, wastani wa mraba ni mkubwa kuliko wa kawaida, wa kawaida mkubwa kuliko wa kijiometri, wa kijiometri mkubwa kuliko wa hamoniki, au zote sawa namba zikiwa sawa. Basi. Nikanyoosha mkono nikauliza kwa nini, nikaambiwa kaa chini wewe nakili. Baadae kwenye jaribio nikathibitisha kwa mchoro, ule nitakaowaonyesha hapa, kila mstari una sababu yake, nikarudishiwa karatasi ina mkasi mwekundu kutoka juu mpaka chini, eti sio njia tuliyofundishwa. Ile karatasi inaniuma mpaka leo, nasema kweli. Hesabu ilikuwa sahihi jana, leo na kesho.

Haya tuingie kazini. Chukua namba mbili, 20 na 80. Tuseme gari limeenda kilometa 80 kwa spidi ya 80 kwa saa, likarudi njia ileile kwa spidi ya 20 sababu ya mvua na foleni. Wengi watakwambia fasta wastani ni 50. Hesabu na mimi: kwenda saa 1, kurudi saa 4, jumla kilometa 160 kwa saa 5, hiyo ni 32 kwa saa, wala haikaribii 50. Hiyo 32 ndo wastani wa hamoniki, unageuza kila namba juu chini (1/20 ni 0.05 na 1/80 ni 0.0125), unatafuta wastani wake wa kawaida unapata 0.03125, halafu unageuza tena. Ile 50 ingekuwa sahihi kama gari lingeenda saa moja kwa spidi 80 na saa moja kwa spidi 20, yaani muda sawa. Sisi tulikuwa na umbali sawa, na kwenye spidi ndogo gari linakaa muda mrefu zaidi, kwahiyo spidi ndogo inauvuta wastani chini.

Zilizobaki ni mbili. Wa kijiometri unazidisha namba zako unapata 1600, unachukua kipeuo cha pili, 40. Huu ndo wa vitu vinavyokua kwa kuzidishwa, kama mtaji. Wa mraba unaipa kila namba mraba wake kwanza, 400 na 6400, wastani wa hizo ni 3400, kipeuo chake 58.31 hivi. Huu upo kwenye umeme, ile 230 ya kwenye soketi ni wastani wa mraba wa volteji inayopanda na kushuka mpaka kilele cha kama 325.

Kwahiyo tuna 32, 40, 50 na 58.31. Sasa kwa nini zimejipanga hivo na sio vingine? Hapa ndo bikari inaingia.

Chora mstari AB wa sentimita 10, kila sentimita moja isimamie 10. Weka nukta C sentimita 2 kutoka A, kwahiyo AC ni 20 na CB ni 80. Katikati ya mstari weka O, sentimita 5 kutoka A. Weka ncha ya bikari kwenye O, chora nusu duara kutoka A mpaka B. Nusu kipenyo ni 50, na huo ni wastani wa kawaida tayari, maana ni nusu ya 20 jumlisha 80.

Kutoka C panda wima mpaka ugonge nusu duara, hapo paite D. Pima CD kwa rula, utapata sentimita 4, yaani 40, wastani wa kijiometri huo. Unganisha O na D, nayo ni nusu kipenyo, 50. Tazama pembetatu OCD: pembe mraba ipo C, OC ni 30, CD ni 40, OD ni 50. Ile 3, 4, 5 ya Pithagorasi mliyoifahamu toka zamani imejitokeza yenyewe, na ndo sababu nimechagua 20 na 80.

Sasa kutoka C dondosha mstari unaokutana na OD kwa pembe mraba, pakiitwa E. Pima DE, sentimita 3.2. Ni 32, wa hamoniki. Mwisho rudi O, panda wima mpaka kileleni mwa nusu duara, paite F, halafu unganisha C na F. Pima, 5.8 na kitu. Wa mraba huo, maana OC ni 30 na OF ni 50, na 900 jumlisha 2500 ni 3400.

Tulia hapo uangalie karatasi yako. CF ni hipotenusi ya pembetatu COF, OF ni upande wake, kwahiyo CF lazima iwe ndefu kuliko OF. OD ni hipotenusi ya OCD na CD ni upande, kwahiyo 50 inaizidi 40. CD nayo ni hipotenusi ya pembetatu CED na DE ni upande, 40 inaizidi 32. Mara tatu sababu ni ileile moja, hipotenusi ni ndefu kuliko upande. Mtu akielewa hili atachanganya mpangilio vipi tena jamani?

Wazo la kuweka hizi wastani kwenye nusu duara ni la kale sana, Papo wa Aleksandria karne ya 4 alishaziweka tatu humo, ya kawaida, ya kijiometri na ya hamoniki. Kwahiyo yule aliyenichania mkasi alikuwa anaikataa njia yenye zaidi ya miaka 1600, na niliposoma habari hiyo nilijisikia nimerudishiwa maksi zangu.

Kuna kitu kingine kwenye mchoro ambacho vitabu vingi vinakipita haraka. OC ni nusu ya tofauti ya namba zako, 80 toa 20 gawanya kwa 2, ndo 30, na mraba wake ni 900. Angalia miraba ya wastani: 3400, 2500, 1600. Inashuka kwa 900, halafu 900 tena. Hii ni kwa namba zozote mbili chanya. Kwahiyo OC ndo inayoamua wastani ziachane kiasi gani. Chukua 40 na 60, wastani wa kawaida ni uleule 50 lakini OC ni 10 tu, na majibu yanakuwa 48, 48.99, 50 na 50.99, zimebanana. Ukiisogeza C mpaka ikae juu ya O, D na F zinakuwa nukta moja na zote nne zinakuwa 50. Hiyo ndo maana ya "sawa namba zikiwa sawa".

Na kwa namba mbili kuna kipimo cha pili, wa kawaida mara wa hamoniki unatoa mraba wa kijiometri, 50 mara 32 ni 1600. Tumieni hivi vipimo viwili kujikagua kabla hamjakabidhi karatasi. Nasahihisha kazi za tuisheni kila wiki, kosa ninaloliona sana kwenye wastani wa mraba ni mtu kujumlisha kwanza ndo akaweka mraba: 100 kwa mraba, gawanya kwa 2, kipeuo, anapata 70.71. Ubaya wake ni kwamba hiyo namba ipo katikati ya 20 na 80 na inaizidi 50, kwahiyo kwa macho inaonekana safi. Lakini 70.71 kwa mraba ni 5000, toa 2500 inabaki 2500, wakati ilitakiwa 900. Umemkamata hapohapo. Kwenye hamoniki wanasahau kugeuza mara ya mwisho, wanaacha 0.03125, hiyo rahisi kuiona maana wastani wowote lazima ukae kati ya namba ndogo na kubwa.

Msije mkavitumia hivi vipimo kwa namba tatu lakini. Chukua 2, 3 na 6: wa mraba 4.04, wa kawaida 3.67, wa kijiometri (hapa ni kipeuo cha tatu cha 36) 3.30, wa hamoniki 3. Mpangilio uko vilevile, ila wa kawaida mara wa hamoniki ni 11 na mraba wa kijiometri ni kama 10.9. Mchoro wetu ni wa namba mbili. Kwa namba nyingi uthibitisho ni mwingine, Mfaransa Koshi mwaka 1821 alithibitisha wa kawaida na wa kijiometri kwa kuanzia mbili, akapanda nne, nane, kisha akarudi nyuma kujaza mapengo.

Na lile neno "chanya" mnalolirukaga kwenye swali, lisomeni. Weka -2 na -8: wa kawaida ni -5, wa hamoniki -3.2, na kipeuo cha 16 ni 4. Wa kawaida umekuwa mdogo kuliko wote, mpangilio umevunjika. Sifuri nayo hairuhusiwi kwenye hamoniki sababu huwezi kugawanya kwa sifuri.

Kwa walimu wenzangu mnaotunga maswali, msipoteze usiku kutafuta namba mbili nzima tofauti zinazotoa wastani zote nne bila desimali. Hazipo. Wa kijiometri na wa mraba haviwezi kutoka safi pamoja, kazi ya Fermat ya karne ya 17 inatosha kuonyesha hivo. Ukitaka wa mraba utoke safi tumia 1 na 7, unapata 5, ila wa kijiometri utakuwa kipeuo cha 7.

Jioni ya leo chora ya 10 na 90, kipenyo kilekile cha sentimita 10. OC itakuwa 40 na CD itakuwa 30, pembetatu ileile imelala upande mwingine, na rula inatakiwa ikupe 1.8, 3, 5 na 6.4. DE ikikataa kutoa 1.8, kagua kama mstari wako kutoka C umekutana na OD kwa pembe mraba kweli, maana hapo ndo mikono ya wengi inateleza.