Benki Kuu na bei ya dhahabu

"Benki Kuu ya Tanzania kununua dhahabu ya wachimbaji wadogo kunabadilishaje bei ya ndani? Mie nauza bangili Darajani."

Dada, anosema kuwa Benki ndiyo hupanga bei amepatia nusu tu. Bei hutoka soko la dunia. Kuiuzia Benki hupunguza makato. Mrabaha wa kawaida, yaani malipo ya serikali kwa madini yanayouzwa, ni asilimia 6 na ada ya ukaguzi 1. Ukiiuzia Benki, mrabaha ni 4, ukaguzi hakuna. Tuseme mzigo ni wa milioni 10: makato hushuka kutoka 700,000 hadi 400,000. Broka wa Geita anayeutaka mzigo huo lazima aongeze dau. Lakini mwenye gramu mbili, mwenye njaa, bado humuuzia broka shimoni kwa bei ya broka. Kwa bangili zako hapo Darajani angalia zaidi dola, maana bei ya dunia huhesabiwa kwa dola.